Kuhamisha majibu ya maabara kutoka kwenye picha hadi kwenye maandishi bila kupoteza mstari

Swali: “Nimetumiwa kwa simu picha ya karatasi ya majibu ya damu ya mama. Daktari anayemfuatilia yuko mbali na ameniomba nimwandikie majibu yote kwa maandishi, kila kipimo na namba yake, kizio chake na kiwango cha kawaida katika mstari mmoja. Nilipotumia simu kunakili maandishi ya kwenye picha, namba zilitoka zimechanganyika. Nifanyeje nisikosee?”

Jibu:

Simu yako ilisoma karatasi kwa safu za wima, ilhali karatasi ya majibu huandikwa ili isomwe kwa mistari ya mlalo. Programu ya kusoma maandishi kwenye picha hutafuta kwanza mafungu ya maneno yaliyokaribiana, na ile nafasi pana iliyopo kati ya majina ya vipimo na namba zake huichukulia kuwa mpaka wa mafungu mawili tofauti. Kwa hiyo humaliza majina yote, ndipo ilete namba zote, kisha vizio vyote, kisha viwango vyote. Kuoanisha kila namba na jina lake kunabaki kuwa kazi yako, na ikiwa kuna kipimo kimoja ambacho hakikujazwa jibu, namba zote zilizo chini yake husogea juu kwa nafasi moja bila kuacha dalili yoyote.

Kuna chanzo cha pili ambacho jicho halikioni kwa urahisi, nacho ni mwinamo wa picha. Sehemu iliyochapishwa ya karatasi ya kawaida ina upana wa sentimita 18 hivi, na mistari yake hupishana kwa takriban milimita 5. Karatasi ikipigwa picha ikiwa imeinama kwa nyuzi 2 tu, mwisho wa kulia wa mstari utakuwa umepanda au kushuka kwa zaidi ya milimita 6 ukilinganisha na mwanzo wake, yaani zaidi ya mstari mzima. Mtu anayefuata mlalo wa kioo cha simu, badala ya mlalo wa karatasi, ataanza na himoglobini na kuishia kwenye kiwango cha kipimo kilicho jirani yake. Hata programu nzuri huteleza hapo hapo.

Ushauri wangu ni kwamba unakili kwa mkono, na yale maandishi yaliyotolewa na simu uyaweke kando kama msomaji wa pili wa kulinganisha naye. Karatasi ya picha kamili ya damu, yaani kipimo kinachohesabu chembe za damu, ina vipimo vinavyozunguka 20. Ni kazi ya nusu saa ukiifanya kwa utulivu, na baada ya hapo majibu yenyewe yatakusaidia kuthibitisha kuwa umenakili sawasawa, kama nitakavyoonyesha.

Kabla ya yote, kama karatasi bado ipo kwa mtu aliyekutumia picha, mwombe aipige upya. Ailaze mezani, asiishike mkononi. Mwanga utoke pembeni, na flashi izimwe kwa sababu huacha doa jeupe katikati ya namba. Kamera iwe juu ya karatasi moja kwa moja, kingo za karatasi zikilingana na kingo za kioo. Apige picha moja ya ukurasa wote na nyingine mbili au tatu za karibu zinazopishana kidogo. Atume picha hizo kama faili na si kama picha ya kawaida ya mazungumzo, maana programu nyingi za ujumbe huzibana picha ili ziwe nyepesi, na kinachopotea kwanza ni vitu vidogo, yaani nukta ya desimali na vipeo. Ikiwa karatasi haipatikani tena, nyoosha picha uliyo nayo kwa kuizungusha hadi mstari wa kichwa cha jedwali ulale sawa na ukingo wa juu wa kioo, kisha uikate vipande vya mistari mitano mitano, kila kipande kikiwa na upana wote wa karatasi. Usikuze picha hadi ukalazimika kuisogeza kushoto na kulia, kwa kuwa katika kusogeza huko ndiko mstari hupotea.

Sasa uandishi wenyewe. Andika kwanza majina yote ya vipimo, kimoja chini ya kingine, jinsi yalivyochapishwa, pamoja na yale ambayo hayana jibu. Yahesabu kwenye picha, uyahesabu tena kwenye maandishi yako, na usiendelee mpaka idadi hizo mbili zilingane. Baada ya hapo rudi juu ujaze kila mstari kutoka kushoto kwenda kulia hadi mwisho wake kabla ya kushuka kwenye mstari unaofuata. Tenganisha vipengele kwa mstari wima, yaani alama ya `|`, wala usitumie mkato. Mkato ni hatari hapa kwa sababu kuna maabara zinazoandika desimali kwa mkato, na 4,5 ikikutana na mkato wako wa kutenganisha haitajulikana kama ni namba moja au mbili. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu:

```
Kipimo | Thamani | Kizio | Kiwango rejea | Alama
```

Nimeongeza kipengele cha tano ambacho daktari hakukitaja, nacho ni ile alama ya H, L au kinyota ambayo mashine huiweka kando ya namba iliyo juu au chini ya kiwango. Wengi huiandika palepale baada ya namba kama ilivyo kwenye karatasi, lakini “3.92 L” ikisomwa na mtu mwingine inaweza kuonekana kama lita 3.92. Ipeleke mwisho wa mstari. Mahali ambapo karatasi haikuweka alama andika neno “bila”, ili mstari usio na alama utofautiane na mstari ambao uliisahau. Kwa njia hiyo kila mstari utakuwa na vistari wima vinne, na mstari wowote wenye vitatu au vitano utajionyesha wenyewe.

Thamani iandike na tarakimu zake zote. Kama karatasi inasema 5.0, usiandike 5, kwa kuwa ile sifuri inamwambia msomaji kuwa nukta ilikuwepo na haikupotea. Alama ya “chini ya” au “zaidi ya” iliyotangulia namba ni sehemu ya jibu: `<0.01` maana yake mashine haikuweza kupima chini ya hapo, na ukiiacha ile alama utakuwa umedai kwamba namba hasa ilipatikana. Majibu ya maneno kama `Negative`, na yale ya `1+` au `2+` ya kwenye mkojo, yaandike yalivyo bila kuyatafsiri.

Kwenye vizio ndiko ninakoona makosa mengi zaidi, na aghalabu ni yale yale. Kipeo kikishushwa, 10^9/L hugeuka kuwa 109/L, kizio ambacho hakipo. Andika alama ya `^` kabla ya kipeo, hata kama kwenye karatasi kipeo kimepandishwa juu. Herufi µ, yenye maana ya sehemu moja ya milioni, huweza kusomwa na simu kama u, p au hata m. Ukikosa µ kwenye simu yako andika u, kama maabara nyingi zenyewe zinavyofanya, lakini kamwe isiwe m, kwa kuwa kati ya µmol na mmol tofauti ni mara 1000. Vilevile usibadilishe kizio kimoja kuwa kingine kwa nia ya kumrahisishia daktari. Kreatinini ya 1.0 mg/dL na ile ya 88.4 µmol/L ni kiasi kilekile, na daktari anaweza kujigeuzia mwenyewe. Ukimgeuzia wewe na ukasahau kugeuza kiwango kilicho kando yake, utakuwa umempa mstari ambao nusu yake inaikana nusu nyingine.

Kiwango rejea, ambacho wengi tunakiita kiwango cha kawaida, kinakili kutoka kwenye karatasi hiyohiyo tu. Kila maabara huweka viwango vyake kulingana na mashine, njia ya upimaji na watu inaowahudumia, hivyo kiwango ulichokiona kwenye karatasi nyingine au mtandaoni hakihusiani na jibu hili. Kama nafasi yake iko wazi andika “hakikuchapishwa”. Kama karatasi imechapisha viwango kadhaa, cha wanaume, cha wanawake na cha watoto, vinakili vyote pamoja na majina yake ukivitenganisha kwa nuktamkato, na umwachie daktari achague. Kati ya namba mbili za kiwango weka kistari chenye nafasi pande zote mbili, kwa sababu “12.0-16.0” iliyobanana hufika mahali ikasomwa kama namba hasi.

Inafaa kueleza kwa nini daktari amesisitiza vitu hivi vyote vikae katika mstari mmoja. Himoglobini hupimwa kwa g/dL katika baadhi ya maabara na kwa g/L katika nyingine, na ya pili ni mara kumi ya ya kwanza. Mtu mwenye 9.4 g/dL ana 94 g/L. Sasa fikiria nukta imepotea kwenye picha na kizio hakikuandikwa: daktari ataona 94, namba inayowezekana kabisa, na hatakuwa na njia ya kugundua kosa wala ya kujua lipo au halipo. Lakini mstari ukisomeka `HGB | 94 | g/dL | 12.0 - 16.0 | L`, kosa linajitokeza lenyewe, kwa kuwa 94 haiwezi kuwa chini ya 12.0. Kizio, kiwango na alama ni mashahidi watatu wa namba moja, na shahidi hawezi kusaidia akiwa amekaa ukurasa mwingine.

Sijaona karatasi ya mama, kwa hiyo nitatumia mfano nilioutunga, unaofanana na karatasi za picha kamili ya damu zinazotoka kwenye mashine. Tuseme nakala yako ya kwanza ilitoka hivi:

```
WBC | 6.8 | 10^9/L | 4.0 - 10.0 | bila
RBC | 3.32 | 10^12/L | 4.00 - 5.50 | L
HGB | 9.4 | g/dL | 12.0 - 16.0 | L
HCT | 30.2 | % | 36.0 - 48.0 | L
MCV | 77.0 | fL | 80.0 - 100.0 | L
MCH | 24.0 | pg | 27.0 - 32.0 | L
MCHC | 31.1 | g/dL | 32.0 - 36.0 | L
RDW-CV | 17.1 | % | 11.5 - 14.5 | H
RET% | --- | % | 0.5 - 2.0 | bila
PLT | 412 | 10^9/L | 150 - 400 | H
```

Hatua ya kwanza ya uhakiki ni kupitia mistari yote ukiuliza kama alama inakubaliana na kiwango. Namba yenye L iwe chini ya kiwango, yenye H iwe juu yake, na isiyo na alama iwe ndani yake. Ukiipitia nakala hii utaona kila mstari unapita mtihani huo. Hata hivyo ndani yake kuna kosa, na alama haikuweza kulikamata, kwa kuwa namba iliyokosewa nayo iko chini ya kiwango kama ile ya kweli.

Kosa hilo hupatikana kwa hesabu, kwa sababu baadhi ya majibu ya picha kamili ya damu hayajitegemei. Mashine huyapata kutokana na mengine. RBC ni idadi ya chembe nyekundu, HGB ni himoglobini, na HCT ni asilimia ya damu inayochukuliwa na chembe hizo. MCV ni ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu moja, MCH ni uzito wa himoglobini iliyomo ndani ya chembe moja, na MCHC ni ukolezi wa himoglobini ndani ya chembe hizo. Mahusiano yake ni haya:

```
MCV  = HCT x 10 / RBC
MCH  = HGB x 10 / RBC
MCHC = HGB x 100 / HCT
```

Anza na wa mwisho. 9.4 mara 100, gawanya kwa 30.2, unapata 31.1, na ndivyo nakala inavyosema. Maana yake HGB, HCT na MCHC umezinakili sawa, kwani ni vigumu mno namba mbili kati ya hizo zikosewe na bado hesabu ikubali. Nenda kwenye MCV: 30.2 mara 10, gawanya kwa 3.32, unapata 91.0, lakini nakala inasema 77.0. Kisha MCH: 9.4 mara 10, gawanya kwa 3.32, unapata 28.3, lakini nakala inasema 24.0. Hesabu mbili zimekataa na moja imekubali. Namba pekee iliyomo katika zile mbili zilizokataa, na isiyokuwemo katika ile iliyokubali, ni RBC. Sasa huhitaji tena kuikagua karatasi yote. Rudi kwenye picha, kuza mstari wa RBC peke yake, na utaona kuwa tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni 9 ambayo kitanzi chake cha juu kimekatwa na kunjo la karatasi, ikaonekana kama 3. Weka 3.92 ujaribu tena: MCV inakuwa 77.0 na MCH inakuwa 24.0.

Angalia jambo moja hapa. Sikusema ukokotoe RBC kutokana na MCV kisha uandike ulichokipata. Hesabu inakuonyesha pa kutazama, na kinachoandikwa ni kile tu ambacho jicho limekiona kwenye picha. Kama hata baada ya kukuza bado tarakimu haionekani, andika `3.[?]2` na kando yake uandike kwamba tarakimu ya kati haisomeki. Daktari akitaka kukisia kutokana na hesabu, atakisia akijua kwamba anakisia.

Hesabu hizi hukamata pia kosa la kubadilishana mistari, ambalo kwa macho ni gumu sana. Katika mfano huu HCT ni 30.2 na MCHC ni 31.1. Zimekaribiana, na ukizibadilisha bado zote mbili ziko chini ya viwango vyake, kwa hiyo alama ya L inakubali. Lakini HCT ikiwa 31.1, MCV inapaswa kuwa 79.3, nayo imeandikwa 77.0, na hapo unajua kuwa kuna mstari ulioteleza.

Tofauti ndogo zisikutishe. Mashine hukokotoa kwa tarakimu nyingi kuliko inazochapisha, hivyo unaweza kupata 77.1 au 77.2 mahali palipoandikwa 77.0. Kosa halisi la kunakili huwa halijifichi kwa kiasi kidogo namna hiyo, isipokuwa likiwa kwenye tarakimu ya mwisho kabisa. Na kama karatasi yako inaandika HGB na MCHC kwa g/L, na HCT kama sehemu ya moja, mfano 94, 311 na 0.302, kwanza gawanya HGB na MCHC kwa 10 na zidisha HCT kwa 100 kwenye karatasi ya pembeni ili kanuni zile zitumike. Fanya hivyo kwa ajili ya uhakiki tu. Nakala ibaki na namba na vizio vilivyochapishwa.

Sehemu ya chini ya karatasi huwa na mgawanyo wa chembe nyeupe, nao una uhakiki wake. Tuseme NEU% ni 58.3, LYM% ni 31.2, MON% ni 7.1, EOS% ni 2.9 na BAS% ni 0.5. Jumla yake ni 100.0, kama inavyopaswa, kwa kuwa ni mgawanyo wa kitu kimoja. Kwa sababu ya kukadiria desimali inaweza kuwa 99.9 au 100.1. Kama 31.2 ingenakiliwa 37.2, jumla ingekuwa 106.0, na lile ziada la 6.0 lingekueleza mara moja kwamba kosa liko kwenye tarakimu ya mamoja. Baadhi ya mashine huchapa pia IG%, yaani chembe changa, ambazo mara nyingi tayari zimehesabiwa ndani ya NEU%. Ukiiona hiyo, jumlisha kwanza bila hiyo. Karatasi nyingi huchapa tena chembe hizohizo kwa idadi, kwa majina kama NEU# na LYM#, na hapo unaweza kuihakiki hata WBC: 6.8 mara 58.3, gawanya kwa 100, ni 3.96, kwa hiyo NEU# isomeke 3.96 au 4.0.

Turudi kwenye mstari wa RET%, ambao jibu lake ni vistari vitatu kwa sababu kipimo hicho hakikufanyika. Mstari wa aina hiyo ndio ninaoshuku kuwa uliivuruga simu yako. Programu ya kusoma picha mara nyingi huviona vistari hivyo kama mapambo na kuviacha. Majina yanabaki 10 na thamani zinakuwa 9, kisha 412 ya PLT, yaani idadi ya chembe sahani, inapanda kukaa kwenye RET%, na kila kilicho chini yake kinafuata. Ndiyo maana nilikuomba uhesabu kabla ya kujaza, na ndiyo maana mstari usio na jibu haufutwi hata kidogo. Unaandikwa na vistari vyake, au kwa neno “hakuna jibu” ikiwa karatasi imeacha nafasi wazi kabisa.

Hesabu zina mpaka wake nami nisingependa uziamini kupita mpaka huo. PLT na RDW-CV hazina mwenzake katika mfano huu wa kuzihakiki, na kwenye karatasi ya kemia ya damu, yenye sodiamu, potasiamu, kreatinini na vimeng'enya vya ini, namba nyingi zinajitegemea. Kwa hizo njia iliyobaki ni kusoma mara ya pili kwa namna tofauti na uliyoandikia. Mwombe mtu mwingine ashike picha, wewe ushike nakala, naye akusomee kwa sauti kuanzia mstari wa chini kabisa akipanda juu, akitamka kila tarakimu peke yake na nukta kwa jina lake: “nne, moja, mbili”, “moja, saba, nukta, moja”. Akisema “mia nne kumi na mbili”, masikio yako yatapokea maana na kuruka tarakimu. Kuanzia chini kuna faida yake: ulipoandika kuanzia juu, macho yalizoea mfuatano, na ukihakiki kwa mfuatano uleule, pale ulipoteleza mwanzo utateleza tena. Hapo ndipo pia ulinganishe na yale maandishi ya simu, tarakimu kwa tarakimu, bila kujali mpangilio wake. Mkitofautiana, picha ndiyo inayoamua.

Juu ya mistari yote andika tarehe na saa ambayo sampuli ilichukuliwa, aina ya sampuli, umri na jinsia ya mama, kwa kuwa viwango hutegemea mambo hayo. Tarehe ya kuchukua sampuli si lazima iwe sawa na ile ya kuchapisha karatasi, na zote mbili huwa zimo, angalia usizichanganye. Jina kamili na namba ya faili havihitajiki ndani ya ujumbe ikiwa daktari anajua unamwandikia kuhusu nani. Chini ya mistari, nakili neno kwa neno maelezo yoyote ya maabara. Sentensi moja isemayo kwamba sampuli ilikuwa imeganda inaweza kueleza kwa nini PLT imeshuka, na ile isemayo kwamba chembe nyekundu zilipasuka ndani ya sampuli inaweza kueleza kwa nini potasiamu imepanda. Ni sehemu ya majibu sawa na namba zenyewe.

Mwisho kuna mitego miwili katika kutuma. Kwenye WhatsApp maneno yaliyowekwa kati ya vinyota viwili hugeuka kuwa maandishi mazito na vinyota vyenyewe hutoweka, kwa hiyo ikiwa karatasi yako hutumia kinyota badala ya H na L, andika neno “kinyota” kwenye kipengele cha mwisho. Na kama utaziweka namba kwenye Excel, badilisha kwanza safu zote ziwe za aina ya `Text` kabla ya kuandika chochote; usipofanya hivyo, kiwango kilichoandikwa `4-10` kitageuzwa kuwa tarehe na 5.0 itabaki 5, na ukibadilisha aina baadaye, ulichopoteza hakitarudi. Ujumbe wa kawaida wa maandishi unatosha kabisa kwa kazi hii.

Tuma maandishi pamoja na picha, ukitaja kwa majina mistari ambayo hukuweza kuisoma vizuri, ili daktari aanze kuitazama hiyo. Mstari muhimu ukibaki bila kusomeka, piga simu maabara iliyopima au umwombe mama achukue nakala mpya ya karatasi. Ukipiga, wape tarehe ya sampuli na namba iliyo juu ya karatasi, waombe wakusomee mstari mzima kuanzia jina la kipimo hadi kiwango chake, kisha wewe uwasomee ulichoandika.